Kitabu Kinarudi Kesho. Wewe Utabaki na Nini?

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu noti. Si zile za mfukoni, hizo sote tunazitafuta. Nasema zile za daftari, zile mtu huandika akisoma kifungu ili aje adurusu baadaye.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea hadi mwisho: noti nyingi tunazoandika hapa mtaani si noti. Ni nakala. Mtu anachukua kitabu, anahamisha sentensi moja baada ya nyingine hadi daftarini, anapiga mstari kwa kalamu ya rangi, mkono unauma, anaenda kulala akijua amesoma. Siku ya kudurusu anafungua lile daftari na kukuta ana kitabu cha pili, kirefu kama cha kwanza, chenye mwandiko mbaya zaidi. Inabidi aanze kusoma upya.

Dawa yake ni ya zamani na haina ganji yoyote: karatasi iliyogawanywa safu mbili. Kushoto vichwa, kulia maelezo muhimu. Najua umeshaisikia. Ticha aliwahi kuitaja, ukachora mstari ukutani mwa ukurasa, ukajaza pande zote mbili, na hukuona tofauti. Hukuona kwa sababu watu wengi hufundishwa kuchora mstari na hawafundishwi kazi ya ule mstari. Leo tuishughulikie kazi yenyewe.

Na kabla mtu aseme "huyu si aliacha chuo, anatufundisha nini?", ni kweli niliacha. Kazi yangu sasa ni kutengeneza video, na video ya dakika tatu inatoka kwenye kurasa ishirini za kusoma. Nisipojua kutoa vichwa kwenye kifungu, sina la kusema mbele ya kamera. Kwa hiyo hii kitu naitumia kila wiki, cheti au hakuna cheti.

Mstari ni wa kufunika

Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia Walter Pauk, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani. Aliuanzisha miaka ya 1950 na akaueleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu namna ya kusoma chuoni. Ukurasa wake ulikuwa na safu nyembamba kushoto, inchi mbili na nusu, safu pana kulia, inchi sita, na nafasi ya inchi mbili chini ya ukurasa kwa muhtasari mfupi. Kwa daftari letu la kawaida la mistari, usihangaike na rula. Kunja ukurasa ili upande wa kushoto uwe kama theluthi moja, ukunjue, na ule mkunjo ndio mstari wako.

Sasa kwa nini kushoto kuwe kwembamba? Kwa sababu ile safu ya kushoto ndiyo utakayobaki ukiitazama siku ya kudurusu. Unafunika kulia kwa kiganja, kwa kitabu, kwa bahasha, kwa chochote. Unasoma kilichoandikwa kushoto, unajibu kwa mdomo au kwenye karatasi chafu, halafu unafunua kuona kama umepata. Hiyo ndiyo kazi ya mstari. Upande mmja unauliza, upande mwingine unajibu, na katikati kuna mahali pa kuficha.

Ukielewa hapo tu, unajua mara moja kwa nini noti za wengi hazifanyi kazi. Kushoto wameandika "Utangulizi". Funika kulia, tazama "Utangulizi". Umeulizwa nini? Hakuna. Hilo ni jina tu. Kichwa kizuri ni kile ambacho ukikitazama peke yake, unajiona umeulizwa kitu.

Tuchukue kifungu kimoja

Maneno matupu hayajazi daftari, kwa hivyo nimeandika kifungu kifupi cha historia, cha aina ile utakutana nayo kwenye kitabu cha kidato cha pili au cha tatu. Kina maneno kama 170. Kisome mara moja, bila kalamu mkononi.

> Ujenzi wa reli kutoka Mombasa kuelekea bara ulianza mwaka wa 1896. Serikali ya Uingereza ilitaka njia ya haraka ya kufika Ziwa Viktoria na Uganda, kwa kuwa iliogopa kwamba taifa jingine la Ulaya lingetwaa eneo la chanzo cha Mto Naili. Kabla ya reli, mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi, na safari ilichukua miezi.
>
> Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka India, ambayo pia ilikuwa chini ya Waingereza. Kwa jumla walikuwa karibu 32,000. Karibu 2,500 kati yao walifariki, wengi kwa magonjwa. Mikataba ilipokwisha, wengi walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki na kuanza maisha Afrika Mashariki.
>
> Mwaka wa 1898, huko Tsavo, simba wawili waliwavamia wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja. Hofu ilienea hadi kazi ikasimama kwa muda. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua simba hao Desemba mwaka huo.
>
> Mwaka wa 1899 reli ilifika mahali penye kinamasi ambapo Wamaasai walipaita kwa jina linalohusu maji baridi. Palikuwa tambarare, na mbele yake kulikuwa na miinuko na Bonde la Ufa, kwa hiyo wahandisi waliweka hapo depo ya vifaa. Depo hiyo ikakua na kuwa Nairobi. Reli ilifika Kisumu, ambako wakati huo paliitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901.

Umemaliza? Poa. Nimesema bila kalamu kwa sababu ukiwa na kalamu kwenye usomaji wa kwanza, utaandika kila kitu. Kila sentensi inaonekana ya maana wakati hujajua hadithi inaishia wapi. Usomaji wa kwanza ni wa kujua barabara inapita wapi. Kalamu inaingia kwenye usomaji wa pili.

Hatua ya pili, rudi aya kwa aya na ujiulize: hii aya inajibu swali gani? Si "inaongelea nini". Aya ya kwanza inaongelea reli, lakini hata ya pili inaongelea reli, na ya tatu na ya nne pia. Ukiandika "reli" mara nne huna vichwa. Swali linalojibiwa na aya ya kwanza ni kwa nini Waingereza waliijenga. La pili ni nani waliijenga na yaliwapata yapi. Sasa unaona aya zinaanza kutengana.

Hatua ya tatu, jaza kulia. Hapa sheria yangu ni moja: hakuna sentensi nzima. Namba, jina, sababu, matokeo. Mshale badala ya "kwa hiyo ikasababisha". Noti zangu za kifungu hicho zinatoka hivi:

| Kichwa | Maelezo muhimu |
|---|---|
| Kwa nini Waingereza walijenga reli? | kufika Ziwa Viktoria na Uganda haraka. Hofu: taifa jingine la Ulaya kutwaa chanzo cha Naili. Kabla: wapagazi, miezi |
| Nani walijenga, na yaliwapata yapi? | kutoka India (pia chini ya Waingereza), karibu 32,000. Waliokufa karibu 2,500, wengi magonjwa. Wengi walirudi, maelfu walibaki |
| Nini kilisimamisha kazi Tsavo? | simba 2 kwenye ujenzi wa daraja → hofu → kazi yasimama. Patterson awaua, Des. 1898 |
| Kwa nini Nairobi iko hapa ilipo? | tambarare, mbele miinuko na Bonde la Ufa → depo ya vifaa → mji |
| Reli ilifika wapi, lini? | 1896 Mombasa (mwanzo), 1898 Tsavo, 1899 Nairobi, Des. 1901 Kisumu (Port Florence) |

Hesabu maneno ya upande wa kulia. Ni chini ya nusu ya kifungu. Hicho ndicho kipimo changu cha haraka: upande wa kulia ukipita nusu ya kifungu, unanakili. Rudi upunguze.

Aya nne, vichwa vitano

Tulia hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Kifungu kina aya nne lakini mimi nina vichwa vitano. Kwa nini?

Aya ya mwisho imebeba mambo mawili. Imeeleza kwa nini Nairobi ilianza pale, halafu sentensi ya mwisho ikaruka hadi Kisumu. Mwandishi aliyaweka pamoja kwa sababu yanafuatana kwa wakati. Lakini mtu anayetunga mtihani hatayauliza pamoja. Atauliza kwa nini Nairobi ilikua, halafu swali lingine kabisa atauliza reli ilifika Kisumu lini. Kwa hiyo nimeyatenganisha.

Pia cheki hicho kichwa cha tano vizuri. Hakijatoka kwenye aya moja. Tarehe zilikuwa zimetawanyika kwenye kifungu kizima, 1896 juu, 1898 katikati, 1899 na 1901 chini. Nimezikusanya mahali pamoja ili safari yote ya reli ionekane kwa mstari mmoja. Hiyo kazi kitabu hakikukufanyia. Ukiweza kuona kichwa ambacho kifungu chenyewe hakikukipa, basi umekielewa. Na ukiona vichwa vyako vyote vinafuata aya moja kwa moja bila kubadilika hata kimoja, jiulize kama ulikuwa unasoma au ulikuwa unahesabu aya.

Angalia pia nilichoacha. Jina la maji baridi nimeliacha. Kuwa mizigo ilibebwa vichwani nimeacha, nimebakisha "wapagazi, miezi". Kinamasi nimekiacha. Mtu anaweza kunipinga kwenye kinamasi, na ana haki, kama mwalimu wake anapenda kuuliza hali ya mahali. Kuchagua si hesabu. Lakini lazima kuwe na kitu umeacha, na uweze kusema ni kwa nini.

Halafu kuna simba. Wah, simba! Kila mtu akisoma kifungu hiki anataka kuandika simba nusu ukurasa, kwa sababu ndio utamu. Mimi nawapa mstari mmoja. Hadithi tamu hujikumbusha yenyewe, hutaisahau hata usipoiandika. Kinachopotea kichwani ni sababu ile kavu ya chanzo cha Mto Naili, na ndiyo hiyo ambayo huwa inabeba maksi. Ukiona sehemu ya kufurahisha imekula nafasi kubwa kulia, ujue noti zako zimefuata moyo zikaacha kifungu.

Makosa matatu na jinsi ya kuyajua

La kwanza ni namba yatima. Mtu anaandika kulia "32,000" halafu anaendelea. Leo unajua ni ya nini. Wiki tatu zijazo utaikuta pale imekaa peke yake, na utaanza kujiuliza kama ni wafanyakazi, maili, au pesa. Namba lazima ishike mkono wa kitu inachohesabu, na kama kitabu kimesema "karibu", lile "karibu" nalo liingie. Namna ya kujua: soma upande wa kulia pekee, kwa sauti, kama unampa mtu mwingine ambaye hajasoma kitabu. Akikuuliza "elfu thelathini na mbili ya nini?", umeshindwa.

La pili ni kupoteza sababu. Cheki mstari wa Nairobi. Ningeweza kuandika "tambarare, miinuko, Bonde la Ufa, depo, mji". Maneno yote yapo na bado noti imekufa, kwa sababu hakuna kinachoonyesha nini kilisababisha nini. Ilikuwa depo kwa sababu sehemu tambarare ilikuwa inakwisha na mbele kulikuwa na kazi ngumu ya kupanda na kushuka. Ule mshale mdogo ndio umebeba hiyo "kwa sababu". Orodha isiyo na mshale hata mmoja kwenye kifungu cha historia, biashara au biolojia inakuambia umechukua majina ukaacha maelezo.

La tatu ni kichwa kipana. "Athari za reli" ni kichwa cha sura nzima. Ukikifunika na kujaribu kujibu utataja vitu viwili, utaona umejibu, na utaenda kulala. Kichwa kikibeba zaidi ya vitu vitano upande wa kulia, kipasue. Kwa kawaida vitu viwili hadi vinne kwa kila kichwa vinatosha. Kichwani mwako hapatoshi zaidi ya hapo kwa mara moja, na ukijaribu utakosa kujua ni kipi ulichokosa.

Sasa funika

Kazi yote hiyo ni bure usipofunika. Na hapa sitaki uniamini mimi tu.

Mwaka wa 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichapisha utafiti uliofanywa kwa vifungu vifupi kama hiki chetu. Kimoja kilihusu jua, kingine kilihusu fisimaji wa baharini. Wanafunzi walikisoma kifungu, halafu ama wanakisoma tena, ama wanajaribu kuandika wanachokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza, asilimia 81 dhidi ya 75. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja mambo yalipinduka. Waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, na waliojijaribu walikumbuka asilimia 56.

Soma hizo namba tena polepole. Kusoma tena kunakupa raha ya usiku huu. Kujijaribu kunakupa wiki ijayo. Na mtihani hauji baada ya dakika tano.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na watu wanaosema noti za safu mbili ni za kupanga daftari lipendeze. Daftari linaweza kuwa chafu kabisa. Kinachosaidia ni yale mapambano ya sekunde kumi umefunika kulia, unatazama "Nani walijenga, na yaliwapata yapi?", na jibu halitaki kutoka. Pale ndipo kazi inafanyika.

Mpango wangu ni huu. Usiku ule ule ulioandika, funika mara moja. Rudi baada ya siku mbili. Rudi baada ya wiki. Halafu baada ya mwezi. Kila kichwa unachokosa, weka nukta ndogo kando yake kwa penseli. Ukikosa tena, nukta ya pili. Baada ya mwezi una ramani ya udhaifu wako: vichwa visivyo na nukta unavipita kwa kuviangalia tu, vyenye nukta tatu unakaa navyo. Kwa vichwa vitano vya kifungu chetu, mzunguko mmoja hauzidi dakika nne. Unaweza kuufanya ukingoja matatu ijaze pale steji.

Ya kununua na ya kupiga picha

Sasa tuje kwa vitu viwili vinavyonikera hapa Umoja.

Cha kwanza ni noti za kununua. Ukitembea karibu na duka lolote la fotokopi utakuta zimebanwa kwa pini, somo moja baada ya lingine. Siwalaumu wanaouza, watu wanatafuta riziki. Lakini elewa unachonunua. Unanunua upande wa kulia. Kazi ya kujiuliza "hii aya inajibu swali gani?" ilifanywa na mtu mwingine, na ile kazi ndiyo iliyomfundisha yeye. Kama umeshazinunua, usizitupe. Zifanye kifungu. Chukua daftari, kunja ukurasa, na uziandikie vichwa vyako mwenyewe kwa maswali. Hapo zinageuka kuwa zako.

Cha pili ni picha ya simu. "Si nitapiga tu picha ukurasa?" Piga, hakuna shida, hasa kama kitabu si chako. Lakini picha ni kitabu kingine tena, na kipo ndani ya simu yenye video za kuchekesha. Naongea hivi kwa sababu najua wengi wetu tunasoma kwa vitabu vya kuazima. Kuna dada mdogo kwenye ploti yetu, yuko kidato cha tatu, husoma na kitabu cha deskimeti wake siku za wikendi. Jumatatu asubuhi kinarudi. Nyingine anakwenda maktaba ya taifa pale Buruburu, anasoma hukohuko, jioni anatoka na daftari pekee.

Kwa mtu kama huyo, noti si pambo la masomo. Ndicho kitabu atakachokuwa nacho mwezi wa kumi na moja. Kama aliandika "Utangulizi" kushoto na sentensi tatu alizonakili kulia kabla ya kuitwa aende dukani, amebaki na kipande cha kitabu. Kama alipata vichwa vitano na majibu yake, hata kitabu kikipotea kabisa ana kifungu kizima, tena kimeshageuzwa kuwa maswali. Jumapili iliyopita aliniambia, "Braza, shida yangu ni muda, si akili." Ni kweli. Na mtu mwenye kitabu kwa usiku mmoja hawezi kutumia usiku huo kunakili.

Kwa hiyo nilimpa mpangilio wa saa moja kwa kifungu cha kurasa mbili. Dakika kumi na tano kusoma bila kalamu. Dakika kumi kuandika vichwa vyote kushoto kabla ya kugusa kulia. Dakika ishirini na tano kujaza kulia. Dakika kumi za mwisho kufunika na kujijaribu, kitabu kikiwa bado kipo mezani. Hiyo ya mwisho usiiruke, kwa sababu ukigundua noti yako ina shimo wakati kitabu kipo, unaliziba. Ukigundua Jumanne, kitabu kimeenda.

Mahali safu mbili haziingii

Sitawauzia dawa ya kila ugonjwa. Kuna vitu havikubali mtindo huu.

Hesabu haikubali. Unaweza kuweka jina la fomula kushoto na fomula kulia, lakini kujua fomula si kujua kukokotoa. Hesabu inadurusiwa kwa kukokotoa. Shairi pia halikubali vizuri, kwa sababu ukilivunja kuwa maelezo muhimu umelipoteza shairi lenyewe. Mchoro wa moyo au wa jicho kwenye biolojia uchore, usiuandike.

Na kuna mtego mmoja kwa wanaofanya KCSE. Kwenye karatasi ya pili ya Kiswahili kuna swali la ufupisho lenye maksi 15. Safu mbili zitakusaidia sana kwenye matayarisho, kutoa hoja kutoka kwa kifungu. Lakini nakala safi lazima iwe sentensi kamili zinazounganika. Ukijibu kwa mishale na vipande vya maneno kama noti zako, utapoteza maksi ukiwa umeelewa kila kitu. Noti ni za kichwa chako. Jibu ni la msahihishaji.

Hata kwenye vifungu vinavyokubali, kuna aina moja inayohitaji kurekebishwa kidogo: kile cha mabishano, chenye watu wanaounga mkono na wanaopinga. Hapo usiweke vichwa kwa mpangilio wa aya. Weka kichwa kimoja kwa kila hoja inayogombaniwa, na kulia andika "wanaounga:" na "wanaopinga:" ukitenganisha. La sivyo utakuja kudurusu ukute sauti mbili zimechanganyika na hujui nani alisema nini.

Hayo mengine yote, historia, biashara, jiografia, dini, biolojia ya maelezo, hata zile karatasi za kozi za vyuo vya ufundi, kunja ukurasa na uanze.

Na kama hutaki kuanza na kitu kikubwa, anza na kifungu cha reli hapo juu. Usirudi kukitazama. Funga macho, jiulize swali moja tu: kwa nini Nairobi iko hapa ilipo? Kama umejibu na "kwa sababu" ndani yake, umeshaelewa kazi ya ule mstari. Kama umekumbuka simba pekee, basi unajua ni kichwa gani cha kuwekea nukta ya kwanza.